Mafumbo ya umri na ya mchanganyiko yaliyokuja kwa picha: namna ya kuyageuza milinganyo

Juzi baada ya magharibi mtoto wa dada'angu, yuko Wete anasoma kidato cha pili, kanitumia picha WhatsApp. "Mjomba shkamoo, hizi mbili zimenishinda na keshokutwa tuna mtihani." Picha yenyewe kaipiga juu ya mkeka, taa iko nyuma yake kwa hiyo kivuli cha kichwa chake kimelala nusu ya karatasi, na karatasi ilishakunjwa mara nne ikatiwa mfukoni, mkunjo umepita katikati ya swali la 4. Swali la 4 ni la umri wa mama na mwanawe, swali la 5 ni la mwenye duka anachanganya mchele. Nilikaa nae kwenye simu karibu saa nzima, na kwa kuwa na wengine wananiletea maswali ya aina hii hii kila wiki nimeona bora niandike yote tuliyofanya kwa mpangilio wake, pamoja na pale tulipokosea.

Kwanza, usifanye hesabu ukiwa unatizama simu

Chukua daftari ulinukuu swali lote, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Ukifanya huku unatizama picha utakuwa unaivuta kubwa unaona nusu ya sentensi, unairudisha ndogo husomi kitu, na mwisho unakumbuka namba lakini hukumbuki ni namba ya nini. Wakati unanukuu, kila tarakimu ambayo huna uhakika nayo ichoree duara kwenye daftari lako. Zinazochanganya sana kwenye picha ni 6 na 8, 1 na 7, 3 na 8, na ile koma ya elfu ambayo kwenye kivuli inaonekana kama nukta. Halafu kuna maneno mawili ambayo yakifichwa na mkunjo basi swali lote limebadilika: "iliyopita" na "ijayo".

Na we unaetuma picha, tafadhali, nyosha karatasi kwanza, iweke karibu na dirisha au mlango, simama pembeni usizibe mwanga, simu iwe juu yake sawasawa isilale upande. Piga na mstari wa juu ya swali na wa chini yake, manake mara nyingi swali la (b) linategemea namba iliyoko (a) na mtu anakuletea (b) peke yake. WhatsApp inaikandamiza picha ili iende haraka, na herufi ndogo ndo zinaumia, kwa hiyo ikiwa maandishi ni madogo itume kama Document itafika vilevile ulivoipiga.

Swali la umri

Maswali ya sekondari yanakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo nilimwambia alitafsiri mwenyewe kwanza kabla hajagusa x yoyote. Baada ya kuvutana kidogo likakaa hivi:

"Miaka 6 iliyopita umri wa mama ulikuwa mara nne ya umri wa mwanawe. Miaka 10 kuanzia sasa umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe. Tafuta umri wa kila mmoja sasa."

Ligawe. Sentensi ya mwanzo inasema habari ya zamani. Ya pili inasema habari ya mbele. Ya tatu haitoi habari yoyote, inauliza tu, lakini hiyo ndo unayoanza nayo kwa sababu ndo inayokwambia nini hakijulikani. Wanataka umri wa mama sasa na umri wa mtoto sasa, basi hivo ndo vitu viwili vya kuvipa herufi.

Kuzipa herufi majina yake

Hapa ndo penye matatizo kuliko pahala pengine pote. Yeye kwenye daftari lake aliandika "x = mtoto, y = mama". Nikamuuliza, mtoto si namba, mtoto ana urefu, ana uzito, ana ndugu, wewe x yako ni kitu gani chake? Akasema umri. Umri wa lini? Akanyamaza. Si kwamba hajui, ni kwamba hakuandika, na kwa kuwa hakuandika ndo maana mlinganyo wake wa mwanzo ulikuwa y = 4x na wa pili y = 2x, x moja ikitumika kwa umri wa mtoto wa zamani na papo hapo kwa umri wa mtoto wa mbele. Ukiitatua hiyo unapata 4x = 2x, yaani x = 0, na y = 0. Mama ana miaka sifuri na mwanawe ana miaka sifuri. Ukiona jibu la umri limekuja sifuri basi jua wakati umeuacha nje, rudi kwenye majina ya herufi.

Andika sentensi kamili, hata ikiwa unaona inakupotezea muda:

```
x = umri wa mtoto SASA (miaka)
y = umri wa mama SASA (miaka)
```

Vitu vitatu viwepo: kipimo gani (umri), cha nani, na cha wakati gani. Mimi hapo sikumruhusu kuendelea mpaka ameandika neno SASA kwa herufi kubwa.

Halafu jedwali

Kabla ya mlinganyo chora jedwali dogo, watu kwa mistari na nyakati kwa safu. Saa ikienda mbele inakwenda kwa wote wawili, ikirudi nyuma inarudi kwa wote wawili, kwa hiyo kila safu unaijaza kwa kuongeza au kutoa namba ile ile kwa kila mtu:

```
          miaka 6 nyuma    sasa    miaka 10 mbele
mtoto         x - 6          x         x + 10
mama          y - 6          y         y + 10
```

Wengi wanamtoa mtoto miaka 6 wanamuacha mama vilevile, kwa sababu sentensi inamtaja mama ndo mwenye "mara nne" na akili inakwenda kwamba yeye keshafanyiwa kitu. Jedwali linakuzuia, manake ukiacha kisanduku kitupu utakiona.

Na hapa nitie jengine dogo kwa kuwa linakuja sana: ukikuta "jumla ya umri wao baada ya miaka 5 itakuwa 60", ni miaka 5 kwa huyu na miaka 5 kwa yule, yaani x + y + 10 = 60. Si x + y + 5.

Kugeuza sentensi

Sasa soma sentensi polepole huku kidole kipo kwenye jedwali. "Miaka 6 iliyopita", kidole kwenye safu ya mwanzo, humo humo usitoke. "Umri wa mama", ni y - 6. "Ulikuwa", hiyo ndo alama ya sawa sawa. Ni, ulikuwa, utakuwa, ni sawa na, yote hayo yanaandikwa =. "Mara nne ya umri wa mwanawe", ni 4 zidisha x - 6, na kwa kuwa x - 6 ni kitu kimoja, ni umri mmoja wa mtu mmoja, unakifunga kwenye mabano.

```
y - 6 = 4(x - 6)
```

Ya pili vivo hivo, kidole kwenye safu ya mwisho:

```
y + 10 = 2(x + 10)
```

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni 4 inakaa upande gani. Neno "mara nne" kwenye sentensi liko karibu na mama kwa hiyo wengi wanaandika 4(y - 6) = x - 6. Usikariri, jaribu kwa namba za kubuni. Sema mtoto ana 5 na mama ana 20, mama ni mara nne ya mtoto, sasa ili pande mbili zilingane nani nimzidishe kwa 4? Mtoto, yule mdogo. Anaezidishwa daima ni yule anaetajwa baada ya "mara nne ya". Na usichanganye na "zaidi kwa miaka minne", hiyo ni kujumlisha. Kiswahili chetu cha mtaani tunasema "mara nne zaidi" na mtu hajui akusudie nini, kwenye hesabu likwepe kabisa hilo.

Mabano nayo usiyadharau. Mtu akiandika y - 6 = 4x - 6 badala ya 4(x - 6), afu ule wa pili akauandika sawa, atapata y = 4x na y = 2x + 10, x ni 5 na y ni 20. Zinapendeza, mama 20 mtoto 5, unaweza ukapiga mstari ukafunga daftari. Lakini rudisha miaka 6 nyuma: mtoto wa miaka 5 miaka sita nyuma ana -1, hajazaliwa. Ndo utajua.

Kutatua

Hii haina mambo mengi. Fungua mabano, mwache y peke yake kila mlinganyo, kisha linganisha:

```
y - 6 = 4x - 24
y = 4x - 18

y + 10 = 2x + 20
y = 2x + 10

4x - 18 = 2x + 10
2x = 28
x = 14
y = 2(14) + 10 = 38
```

Mtoto ana miaka 14, mama ana miaka 38.

Kuhakiki, na ile tarakimu ya kwenye mkunjo

Hakiki kwenye sentensi za swali, si kwenye milinganyo yako, kwa sababu kama mlinganyo uliuandika vibaya jibu litauridhisha mlinganyo huo huo mbaya na we utafurahi bure. Miaka 6 nyuma mtoto alikuwa 8 na mama 32, na 8 mara nne ni 32, sawa. Miaka 10 mbele mtoto atakuwa 24 na mama 48, mara mbili, sawa. Tizama na tofauti yao: 32 toa 8 ni 24, 38 toa 14 ni 24, 48 toa 24 ni 24. Tofauti ya umri wa watu wawili haibadiliki maisha yao yote, ikibadilika kwenye jedwali lako basi kuna mahali umetoa kwa mmoja ukamsahau mwengine.

Ila sikilizeni hili, ndo lililonifanya niandike. Ile 6 ilikuwa juu ya mkunjo, na mimi mara ya mwanzo niliisoma 8. Nikafanya hesabu yangu yote na 8:

```
y - 8 = 4(x - 8)
y + 10 = 2(x + 10)

x = 17,  y = 44
```

Nikahakiki. Miaka 8 nyuma mtoto 9 na mama 36, mara nne, sawa. Miaka 10 mbele 27 na 54, mara mbili, sawa. Tofauti 27 kote. Namba nzima, umri unaoingia akilini, mama kazaa ana miaka 27, hakuna chochote cha kukushtua. Nikamtumia. Akanijibu, "Mjomba mwalimu alisema jibu ni 14 na 38." Ndo nikamwambia nyosha karatasi hebu piga tena, na ikaja 6 safi kabisa.

Mtu anadhani jibu likija bila ya desimali basi swali kalisoma sawa, na si kweli. Ingekuwa nimesoma 5 ningepata x = 12.5 ningeshtuka mapema, lakini kwa 8 inatoka nzima. Kuhakiki kunakwambia kama umeifanya sawa hesabu ya swali ulilolinukuu, hakukwambii kama ulilolinukuu ndo lililoko kwenye karatasi. Kwa hiyo ile tarakimu uliyoichorea duara mwanzo, usiikisie kwa kutizama jibu, omba picha nyengine kabla hujaanza.

Kwa mwenye kutaka njia ya herufi moja

Yeye akaniuliza mbona mwenzake darasani katumia herufi moja tu. Inawezekana, na ni fupi, lakini herufi yake haikuwa ya umri wa sasa. Mwenzake kaanza miaka 6 nyuma, kaita k umri wa mtoto wakati ule, kwa hiyo mama wakati ule ni 4k. Kutoka hapo mpaka miaka 10 mbele ni miaka mingapi? Sita kufika sasa na kumi kwenda mbele, 16.

```
4k + 16 = 2(k + 16)
2k = 16
k = 8
```

Hapa kuna mitego miwili. Ukitia 10 badala ya 16 umepotea. Na ukipata 8 ukaandika "umri wa mtoto ni miaka 8" umekosa alama ilhali hesabu umeipata, kwa sababu 8 ni umri wake wa miaka sita nyuma, wa sasa ni 14. Kama uliandika jina la herufi kwa ukamilifu pale juu, ukimaliza unarudi unalisoma unajua bado hatua moja. Mimi kwa mwanafunzi ambae bado anajikanyaga namshauri herufi mbili na neno SASA, akishazoea atachagua mwenyewe.

Swali la mchele

"Mwenye duka anachanganya mchele wa sh. 2,400 kwa kilo na mchele wa sh. 3,000 kwa kilo. Anataka apate kilo 50 za mchanganyiko wenye thamani ya sh. 2,640 kwa kilo. Atie kilo ngapi za kila aina?"

Ili asichanganyikiwe na "aina ya kwanza" na "aina ya pili" nikamwambia huu wa bei ndogo tuuite mapembe na huu wa bei kubwa tuuite wa Mbeya, kama anavoviona dukani. Majina ya kitu unachokijua yanasaidia sana kukumbuka kipi ni kipi unapofika mstari wa mwisho.

Kabla ya herufi jiulize jibu liwe wapi. Bei ya mchanganyiko lazima ikae katikati ya bei mbili, haiwezi kushuka chini ya 2,400 wala kupanda juu ya 3,000, utie utakavotia. 2,640 iko karibu zaidi na 2,400, basi mapembe itakuwa mingi kuliko wa Mbeya. Hili linachukua sekunde kumi na litakuja kukuokoa.

Sasa majina. Kuna bei, kuna kilo, kuna fedha, na mwanafunzi akiandika "x = mchele wa mapembe" tumerudi kule kule kwa "x = mtoto". Bei unazo zote. Kisichojulikana ni kilo.

```
x = kilo za mapembe zinazotiwa
50 - x = kilo za Mbeya zinazotiwa
```

Kwa nini 50 - x? Kwa sababu gunia zima ni kilo 50, ukishatia x za mapembe zilizobaki kujaza ni 50 toa x. Kama hili linakusumbua tumia y kwa kilo za Mbeya na uandike x + y = 50 pembeni, ni kitu kimoja.

Jedwali linarudi lile lile, safari hii mistari ni aina za mchele, na mstari wa tatu ni mchanganyiko wenyewe:

```
                bei kwa kilo     kilo        fedha
mapembe            2400           x          2400x
Mbeya              3000         50 - x     3000(50 - x)
mchanganyiko       2640           50         132000
```

Safu ya mwisho ni bei mara kilo, kila mstari, hata wa mchanganyiko. Na mlinganyo unatoka kwenye safu ya mwisho kwa sababu fedha hazipotei: thamani ya mapembe uliyotia pamoja na thamani ya Mbeya uliyotia ndo thamani ya gunia zima.

```
2400x + 3000(50 - x) = 132000
2400x + 150000 - 3000x = 132000
-600x = -18000
x = 30
```

Mapembe kilo 30, Mbeya kilo 20. Mapembe mingi, kama tulivotarajia. Hakiki: 30 mara 2,400 ni 72,000, 20 mara 3,000 ni 60,000, jumla 132,000, gawa kwa 50 unapata 2,640.

Safu ya kwanza, ile ya bei, usiijumlishe kwenda chini. Yeye alijaribu 2400 + 3000 = 5400 akabaki anaitizama hajui aifanyie nini. Bei kwa kilo mbili tofauti hazijumlishiki, ukinunua kilo ya mapembe na kilo ya Mbeya hukuwa na mchele wa sh. 5,400 kwa kilo. Kilo kwa kilo zinajumlishika, fedha kwa fedha zinajumlishika. Na kosa jengine ni kuandika 2400x + 3000(50 - x) = 2640, yaani kushoto ni fedha za gunia zima na kulia ni bei ya kilo moja. Ukitatua hiyo x inatoka 245.6, kilo mia mbili na zaidi ndani ya gunia la kilo 50. Kabla ya kutatua uliza kila upande unasema habari ya nini, shilingi ngapi za nini, vikitofautiana simama.

Kwa picha, swali la mchele ni salama kidogo kuliko la umri, kwa sababu ule ukaguzi wa "katikati ya bei mbili" unakamata tarakimu nyingi zilizosomwa vibaya. Ungesoma 3,640 badala ya 2,640 ungeiona hapo hapo imepita 3,000, na ukilazimisha utapata kilo hasi. Lakini haukamati zote. Ukisoma 2,840 iko katikati, na x inatoka 13.3 na desimali zinaendelea, na kilo zinaweza kuwa na desimali, si kama watu. Duara lako la mwanzo bado lina kazi.

Ikiwa kinachoongezwa ni maji

Tulipomaliza akanitumia swali jengine, safari hii kaliandika kwa mkono wake: "Dumu lina lita 30 za maji ya chumvi yenye chumvi asilimia 20. Ziongezwe lita ngapi za maji matupu ili chumvi ishuke iwe asilimia 12?" Ni jedwali lile lile, mahali pa bei weka asilimia, mahali pa fedha weka chumvi yenyewe.

```
x = lita za maji matupu zinazoongezwa

                asilimia     lita       chumvi
maji ya chumvi    0.20        30           6
maji matupu       0            x           0
mchanganyiko      0.12      30 + x    0.12(30 + x)

6 = 0.12(30 + x)
50 = 30 + x
x = 20
```

Mstari wa maji matupu wanaurukaga kwa kuwa hauna chumvi. Uandike, weka sifuri, kwa sababu chumvi yake ni sifuri lakini lita zake si sifuri, na hizo lita ndo zinazoingia kwenye 30 + x chini. Anaesahau anaandika 6 = 0.12 mara 30, yaani 6 = 3.6, mlinganyo hauna x ndani yake na wala si kweli. Ukimaliza kuandika mlinganyo ukaona herufi yako haimo, kuna kisanduku cha jedwali hukukijaza.

Na ikiwa swali limetoa uwiano badala ya asilimia, kuwa makini jumla ni ipi. Wavuvi wa mashine za boti wanalijua hili kwa mikono: petroli lita 25 na oili lita 1 inatoka lita 26, kwa hiyo oili ni 1/26 ya dumu, si 1/25. Kwenye jedwali, mstari wa mchanganyiko unaandika 26.

Saa nne za usiku akanitumia picha ya daftari, safari hii imenyooka na mwanga uko upande, kafanya swali la dumu peke yake upya. Mstari wa kwanza kaandika "x = lita za maji". Nikamjibu, maji yapi, dumu lote ni maji. Akafuta akaandika "lita za maji matupu zinazoongezwa", akaipiga tena.